Riba ya Rejesho la Saba Imetoka Wapi?

Anayekopa benki, kwenye SACCOS au kwenye kampuni ya mikopo hupewa mkataba na, pamoja nao, ratiba ya marejesho. Wengi wakiishika ratiba hiyo huangalia kitu kimoja tu: kila mwezi nitakatwa kiasi gani, na mshahara au biashara itabeba? Wakiridhika, karatasi inakunjwa na kuwekwa kabatini. Safu nyingine za tarakimu huachiwa afisa mikopo, kwa imani kwamba kompyuta ndiyo iliyopiga hesabu na kompyuta haikosei.

Kujumlisha na kutoa, kweli haikosei. Lakini kompyuta hufanya kazi kwa maelezo iliyopewa na mtu: kiwango cha riba, tarehe ya kutoa mkopo, njia ya kukokotoa riba, na fedha iliyoletwa na mkopaji iingizwe wapi. Kosa la mahali pamoja kati ya hapo huzaa ratiba nadhifu kabisa, iliyonyooka mwanzo mpaka mwisho, inayomdai mtu fedha asizostahili kudaiwa. Habari njema ni kwamba ratiba ya mkopo ni karatasi inayojieleza yenyewe. Mwenye kalamu na kikokotoo cha simu anaweza kuikagua bila kumuuliza mtu yeyote.

Tuchukue mkopo wa shilingi 3,000,000 za Tanzania, wa miezi 12, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, na mkataba unasema riba itahesabiwa juu ya salio linalobaki, ile inayoitwa riba inayopungua. Asilimia 18 kwa mwaka ukiigawa kwa miezi 12 unapata asilimia 1.5 kwa mwezi. Ratiba sahihi ya mkopo huo ni hii:

| Mwezi | Rejesho | Riba | Mtaji | Salio |
|---|---|---|---|---|
| 0 | | | | 3,000,000 |
| 1 | 275,040 | 45,000 | 230,040 | 2,769,960 |
| 2 | 275,040 | 41,549 | 233,491 | 2,536,469 |
| 3 | 275,040 | 38,047 | 236,993 | 2,299,476 |
| 4 | 275,040 | 34,492 | 240,548 | 2,058,928 |
| 5 | 275,040 | 30,884 | 244,156 | 1,814,772 |
| 6 | 275,040 | 27,222 | 247,818 | 1,566,954 |
| 7 | 275,040 | 23,504 | 251,536 | 1,315,418 |
| 8 | 275,040 | 19,731 | 255,309 | 1,060,109 |
| 9 | 275,040 | 15,902 | 259,138 | 800,971 |
| 10 | 275,040 | 12,015 | 263,025 | 537,946 |
| 11 | 275,040 | 8,069 | 266,971 | 270,975 |
| 12 | 275,040 | 4,065 | 270,975 | 0 |

Mstari mmoja una hesabu tatu, na zinafuatana. Kwanza riba: chukua salio la mstari wa juu yake, zidisha kwa 0.015. Mwezi wa pili, salio la juu ni 2,769,960. Ukizidisha unapata 41,549 na senti kidogo. Pili mtaji, yaani ile sehemu ya rejesho inayopunguza deni lenyewe: toa riba kwenye rejesho, 275,040 kutoa 41,549, inabaki 233,491. Tatu salio jipya: toa mtaji kwenye salio la juu, 2,769,960 kutoa 233,491, linabaki 2,536,469. Salio hilo ndilo linalokwenda kuzaa riba ya mwezi wa tatu.

Angalia kinachotoka kwenye kipi. Riba inatoka kwenye salio la juu, mtaji unatoka kwenye riba, salio linatoka kwenye mtaji, kisha mambo yanaanza upya. Ndiyo maana kosa la mstari mmoja halibaki pale lilipozaliwa. Riba ikizidishwa mwezi wa tatu, mtaji wa mwezi wa tatu unapungua, salio linabaki kubwa kuliko haki yake, na mistari yote ya chini inakuwa na kasoro ingawa kila mmoja, ukiutazama peke yake, hesabu zake zinakubaliana. Kwa hiyo ukaguzi uanzie juu na kushuka, na mahali pa kwanza panapokataa ndipo pa kusimama. Hakuna haja ya kuhangaika na ya chini kabla hujajua hapo pana nini.

Mwenye haraka anaweza kuanza na jumla. Safu ya mtaji yote ukiijumlisha lazima irudi kwenye fedha uliyokopa, shilingi 3,000,000 kamili. Safu ya riba inafika 300,480. Jumla ya hizo mbili lazima ilingane na marejesho 12 ya 275,040, ambayo ni 3,300,480. Na mstari wa mwisho lazima uishie sifuri. Ukikuta salio la shilingi tatu au nane limebaki mwisho, au rejesho la mwisho limetofautiana na mengine kwa shilingi chache, usigombane na mtu: hiyo ni kukaribisha senti kuwa shilingi nzima. Likibaki salio la maelfu, kuna jambo.

Rejesho lenyewe la 275,040 linapatikana kwa kanuni ambayo si lazima uijue kichwani. Programu ya majedwali, iwe Excel au ile ya bure kwenye simu, unaiandikia hivi:

```
=PMT(1.5%,12,-3000000)
```

Inajibu 275,039.98. Kiwango cha mwezi, idadi ya miezi, fedha iliyokopwa, basi. Jibu likitofautiana na la kwenye ratiba yako kwa maelfu, tayari umejua kwamba ratiba hiyo haikutengenezwa kwa masharti uliyosomewa.

Mimi nikipewa ratiba ya mtu, jicho huenda kwanza kwenye safu ya riba, kabla ya kushika kikokotoo. Katika mkopo wa riba inayopungua, safu hiyo lazima ishuke kila mwezi, kwa sababu salio linashuka. Ikiwa imesimama palepale, 45,000 mwezi wa kwanza, 45,000 mwezi wa sita, 45,000 mwezi wa kumi na mbili, basi unatozwa riba juu ya mkopo wote tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, kana kwamba hujawahi kurudisha hata shilingi. Riba hiyo huitwa bapa. Kwa mkopo wetu huu, asilimia 18 ya milioni tatu ni 540,000. Ukiigawa kwa miezi 12 unapata hizo 45,000, mtaji unakuwa 250,000 kila mwezi, na rejesho linafika 295,000. Tofauti na ratiba ya kwanza ni karibu shilingi 20,000 tu kwa mwezi, kiasi ambacho mtu anaweza asikishtukie. Kwa mwaka mzima ni shilingi 239,520.

Riba bapa si wizi kwa jina lake. Kuna taasisi zinazoitumia waziwazi na mkopaji akakubali. Tatizo ni kulinganisha. Asilimia 18 ya bapa na asilimia 18 ya salio linalopungua ni bei mbili tofauti kabisa. Ratiba ile ya 295,000 ukiigeuza iwe ya riba inayopungua, unakuta kiwango chake ni karibu asilimia 2.64 kwa mwezi, yaani zaidi ya 31 kwa mwaka. Kama mkataba wako unasema riba inahesabiwa juu ya salio na safu ya riba haishuki, hapo hakuna mjadala wa mtazamo: karatasi mbili za taasisi hiyohiyo zinapingana.

Kabla ya kupiga meza, lakini, kagua siku. Benki nyingi hazigawi mwaka kwa 12, zinahesabu riba kwa siku. Milioni tatu kwa asilimia 18, kwa mwezi wa siku 31, mwaka ukiwa na siku 365, ni 45,863. Kwa Februari ya siku 28 ni 41,425. Kwa hiyo riba yako inaweza isilingane na 0.015 mara salio, na ratiba ikawa sahihi. Utaijua kwa mwenendo wake: kinachozidi kinazidi kwenye miezi mirefu, na Februari inakuwa chini ya ile ya asilimia 1.5. Ikizidi miezi yote bila kujali siku, sababu ni nyingine. Soma pia kama mkataba unagawa kwa siku 365 au 360. Kwa 360, mwezi wa siku 31 unatoza 46,500 badala ya 45,863, na asilimia 18 ya mwaka inageuka kuwa 18.25. Si nyingi kwa mkopo wa mwaka mmoja, ila kwenye mkopo wa nyumba wa miaka kumi na tano inaonekana.

Mstari wa kwanza ndio huwatisha wengi kwa sababu hiyohiyo ya siku. Mkopo ukitoka tarehe 10 Machi na rejesho la kwanza likapangwa tarehe 30 Aprili, zimepita siku 51, si 30. Riba ya siku hizo ni 75,452. Hiyo ni halali kama mkataba unasema riba inaanza kuhesabiwa siku fedha inapotoka. Ila iwe mara moja tu. Mstari wa pili urudi kwenye urefu wa mwezi wa kawaida.

Sasa tuje kwenye rejesho la saba, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalostahili macho kuliko mengine, kwa sababu hapa ratiba iliyokuwa sahihi siku ya kusaini inageuka kuwa na kasoro baadaye. Tuseme mkopaji ni mwalimu. Baada ya kulipa rejesho la sita anavuna mpunga, anauza, anapeleka shilingi 500,000 za ziada ili deni lipungue. Anapewa risiti. Mwezi unaofuata anaomba taarifa ya mkopo, na mstari wa saba unasema: riba 23,504.

Mwalimu ana haki ya kurudi dirishani na kuuliza, “Dada, riba hii imetoka wapi?” Akijibiwa, “Mwalimu, ndivyo ilivyo kwenye mfumo,” ana jibu la kumpa, kwa sababu hesabu ni fupi. Salio baada ya rejesho la sita lilikuwa 1,566,954. Ukitoa 500,000, linabaki 1,066,954. Zidisha kwa 0.015: riba inayostahili ni 16,004. Kilichoandikwa kimezidi kwa 7,500, na shilingi 7,500 ni asilimia 1.5 kamili ya laki tano. Tarakimu yenyewe imetaja kosa lake. Laki tano hazikuingizwa kwenye mtaji. Zimewekwa pembeni kama malipo ya mbele, zikisubiri kukata marejesho yajayo, na wakati zinasubiri, deni linaendelea kutozwa riba kana kwamba hazijaletwa.

Zikiingizwa zinapostahili na rejesho likabaki lilelile, mkopo unakwenda hivi: salio la mwezi wa saba ni 807,918, la nane 544,997, la tisa 278,132, la kumi 7,264, na mwezi wa kumi na moja mwalimu anamalizia 7,373 tu. Riba yote kuanzia mwezi wa saba inakuwa 40,579 badala ya 83,286. Shilingi 42,707 zimebaki mfukoni mwake. Zikiwekwa kama malipo ya mbele, anapumzika kulipa miezi ya mwisho, lakini riba analipa yote ileile. Kwa hiyo unapopeleka fedha ya ziada usiseme tu “napunguza deni”. Andika barua kwamba fedha hiyo ipunguze mtaji, omba ratiba mpya, na hakiki kwamba salio la kuanzia la ratiba hiyo mpya limeshuka kwa kiasi ulichopeleka. Isome pia sehemu ya mkataba inayohusu kulipa mapema, maana baadhi ya taasisi hutoza ada kwa hilo.

Kinyume chake ni mwezi uliokosa kulipwa. Rejesho la nne lisipofika, salio la mtaji halina sababu ya kubadilika. Linabaki 2,299,476, na pembeni yake kuna riba ya 34,492 isiyolipwa, pamoja na adhabu kama mkataba umeitaja. Mstari unaofuata ukionyesha salio la mtaji la 2,333,968, maana yake riba imechanganywa na mtaji, na kuanzia hapo unatozwa riba juu ya riba. Mikataba mingine inaruhusu, mingine hairuhusu, na jibu liko kwenye mkataba wako. Kenya wameweka ukomo kwa sheria: kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinazuia riba kwenye mkopo uliokwama isizidi mtaji uliokuwa unadaiwa siku mkopo ulipohesabiwa kuwa umekwama.

Watumishi wa umma wanaochukua topapu, au ambao mkopo wao unanunuliwa na benki nyingine, wana sababu ya ziada ya kuhifadhi ratiba ya zamani. Siku ya kufunga mkopo wa kwanza baada ya rejesho la sita, kiasi cha kuulipa ni 1,566,954 kama kila kitu kimelipwa kwa wakati, pamoja na riba ya siku zilizopita tangu rejesho hilo na ada yoyote iliyo kwenye mkataba. Ukiletewa tarakimu inayofanana na marejesho sita yaliyobaki yakizidishwa, yaani 1,650,240, unadaiwa riba ya miezi ambayo haijafika.

Lipo jambo moja ambalo ukaguzi huu wote hauwezi kuligundua. Ratiba inaweza kukubaliana mstari kwa mstari na bado mkopo ukawa ghali kuliko ulivyotajwa, kwa sababu makato yamefanyika kabla ya mstari wa kwanza. Chukua mkopo wetu uleule. Ada ya kushughulikia mkopo asilimia 2, bima asilimia 1. Akaunti inaingia 2,910,000, lakini ratiba inaanza na 3,000,000 na marejesho ni 275,040. Hakuna kosa la hesabu popote. Ila kwa mtu aliyepokea 2,910,000 na kurudisha 275,040 mara 12, kiwango halisi ni karibu asilimia 2 kwa mwezi, siyo 1.5. Karibu 24 kwa mwaka, wakati bango linasema 18. Makato ya mwanzo huuma zaidi kadiri mkopo unavyokuwa mfupi, kwa kuwa yanagawanywa kwenye miezi michache. Mwenye kulinganisha taasisi mbili alinganishe fedha itakayoingia mkononi na marejesho yote yatakayotoka, asiishie kwenye asilimia.

Mwenye simu yenye programu ya majedwali anaweza kujitengenezea ratiba yake nzima kwa dakika chache. Weka rejesho safu ya B, riba C, mtaji D, salio E, mkopo wote ukiwa kwenye E1, kisha mstari wa pili andika:

```
C2: =ROUND(E1*1.5%,0)
D2: =B2-C2
E2: =E1-D2
```

Vuta mistari hiyo mpaka ya 13, kisha weka ratiba ya taasisi kando yake. Mkopo wako ukiwa wa riba inayobadilika, siku kiwango kinapobadilishwa unaanza upya kuanzia salio la siku hiyo na kiwango kipya. Mistari ya nyuma haiguswi.

Ukipata kasoro, usiende na malalamiko ya jumla kwamba unaonewa. Andika barua kwa taasisi yenyewe ukitaja namba ya mkopo, mstari wenye kasoro, tarakimu iliyoandikwa, tarakimu unayoipata wewe, na kifungu cha mkataba unachokitegemea. Ambatisha risiti na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kwa Tanzania, Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019 zinataka taasisi iwe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko, na asiyeridhika na jibu anaweza kulipeleka jambo lake Benki Kuu. Huko watahitaji kuona barua hiyo, mkataba na ratiba, basi vitoe kabatini leo na uanze na mstari wa kwanza.